Sebule yenye giza saa nane mchana: dirisha la ukubwa gani linatosha?

*Habari za kazi, mtaalamu. Najenga Kibaha. Msingi umekwisha na fundi anataka kuanza kupandisha kuta. Sebule ni mita 4 kwa 5. Kwenye ramani, pembeni ya sebule, pameandikwa "DF 1.5%" na dirisha moja la futi tano kwa nne. Fundi anasema hayo ni mambo ya vitabuni, dirisha likifika sehemu ya kumi ya sakafu limetosha. Nyumba ya kupanga ninayokaa sasa tunawasha taa saa nane mchana, na sitaki yale yale yanifuate kwangu. Hiyo DF ni kitu gani, na dirisha langu linatosha?*

Halitoshi. Na nasema hivyo si kwa sababu ya ukubwa wake tu, bali kwa sababu ya vitu vitakavyolizunguka: upenu wa paa, ukuta wa uzio, wavu wa mbu, nondo na rangi ya kioo. Lakini tuanze na hiyo DF, maana ukiielewa utaweza kubishana na fundi wako kwa namba.

Chukua siku ya mawingu mazito, kama zile za Aprili masika yakikolea, ambapo jua halionekani na vitu havina vivuli. Simama uwanjani pasipo mti wala ukuta, upime mwanga unaoangukia kiganja chako kilichokunjuliwa kuelekea juu. Mwanga hupimwa kwa laksi. Tuseme umepata laksi 10,000, ambazo si nyingi kwa anga la mawingu la huku kwetu mchana. Dakika hiyo hiyo mwenzako apime juu ya meza sebuleni, apate laksi 150. Gawanya 150 kwa 10,000, unapata asilimia 1.5. Hiyo ndiyo DF, "daylight factor" kwa Kiingereza: ni sehemu gani ya mwanga wa nje imefanikiwa kufika mezani.

Kwa nini tusiseme tu "sebule iwe na laksi 150"? Kwa sababu wingu likikoza nje, mwanga unaweza kushuka nusu ndani ya dakika chache, na mezani nako ukashuka nusu. Laksi zimebadilika, lakini uwiano umebaki pale pale. Uwiano ni tabia ya chumba chenyewe, laksi ni habari ya siku. Ndiyo maana jua la moja kwa moja halihesabiwi kabisa: linahama, linaingia dirisha la mashariki asubuhi na kutoweka saa nne, na chumba hakiwezi kupangwa kwa kulitegemea.

Hiyo 1.5 ya kwenye ramani yako haikutoka hewani. Kiwango cha Uingereza cha mwaka 2008, BS 8206-2, kilitaka wastani usiopungua asilimia 1 kwa chumba cha kulala, 1.5 kwa sebule na 2 kwa jiko. Wasanifu wengi wa huku tulisoma kwa vitabu vilivyofuata utaratibu huo, na bado tunautumia. Kwa uzoefu, chumba chenye wastani wa asilimia 5 huhitaji taa mara chache sana mchana, cha chini ya 2 huonekana hafifu na watu hupenda kuwasha taa wakitaka kusoma. Wewe una nafuu moja kuliko Mwingereza: mawingu ya Kibaha mchana yana mwanga mwingi kuliko mawingu ya kwao wakati wa baridi, kwa hiyo asilimia 1.5 yako inabeba laksi nyingi zaidi.

Sasa kanuni ya mkono, ile unayoweza kuifanya ukiwa umesimama kwenye msingi. Chukua eneo la kioo, ligawanye kwa eneo la sakafu, upate asilimia. Asilimia hiyo igawanye kwa tano. Jibu ni wastani wa DF wa chumba chenye dirisha la ukutani, kioo cheupe, na nje wazi pasipo kizuizi. Ukitaka kujua hali ya kona ya nyuma iliyo mbali na dirisha, gawanya kwa kumi badala ya tano.

Angalia nimesema kioo. Fundi wako anapima tundu. Futi tano kwa nne ni mita 1.5 kwa 1.2, yaani mita za mraba 1.8, na sakafu yako ni mita za mraba 20, kwa hiyo tundu ni asilimia 9. Tuseme amekaribia kumi yake. Lakini fremu ya alminiamu ya kuteleza, pamoja na ule mwimo wa katikati vioo vinapopishana, hula karibu asilimia 22 ya tundu. Kioo chenyewe kinabaki mita za mraba 1.4, yaani asilimia 7 ya sakafu. Gawanya kwa tano: 1.4. Karibu kabisa na ile 1.5 ya kwenye ramani.

Kwa hiyo mchoraji wako hakukosea hesabu. Alihesabu dirisha lililosimama uwanjani peke yake, bila upenu, bila uzio, bila wavu. Nami nilifanya kosa hilo hilo kwenye nyumba ya pili niliyochora maishani. Mwenye nyumba alihamia, akaweka nondo na wavu, akajenga uzio, na baada ya miezi mitatu akanipigia simu akiniuliza kama ningeweza kuja na tochi.

Hukuniambia uzio wako utakuwa wapi, kwa hiyo nachukulia hali ninayoikuta mara nyingi Pwani: ukuta wa uzio wa mita 2.4, mita 3 kutoka dirishani. Upenu uliotoka sentimita 90, ukingo wake ukiwa mita 2.6 juu ya sakafu. Dirisha linaloanzia sentimita 90 na kuishia mita 2.1. Kama yako ni tofauti, badilisha namba, njia ni ile ile. Tutatumia fomula hii:

```
DF = (T × Aw × θ) / (A × (1 − R²))
```

Isikutishe. Aw ni eneo la kioo. T ni sehemu ya mwanga inayopenya kioo na vyote vilivyobandikwa juu yake. A ni jumla ya nyuso zote za ndani, yaani sakafu, dari na kuta. R ni kiasi ambacho nyuso hizo hurudisha mwanga kwa wastani. Na θ ni nyuzi za anga zinazoonekana kutoka katikati ya dirisha, ukihesabu kutoka usawa wa macho kwenda juu. Kwenye uwanja mtupu ni nyuzi 90.

Dari yako ikiwa mita 2.8, nyuso zote za sebule ni karibu mita za mraba 90.4. Dari nyeupe, kuta za rangi ya maziwa na sakafu ya vigae vyeusi hutoa R ya karibu 0.5. Sehemu ya chini ya fomula inakuwa 90.4 mara 0.75, yaani 67.8. Kioo cheupe hupitisha karibu 0.8. Kwa dirisha la uwanjani: 0.8 mara 1.4 mara 90, gawanya kwa 67.8. Unapata 1.5. Kanuni ya mkono na fomula zimekubaliana.

Sasa tujenge nyumba halisi kuzunguka dirisha hilo. Katikati ya dirisha ni mita 1.5 juu ya sakafu. Ukitazama nje kutoka hapo, ukingo wa upenu unakatisha anga kwenye nyuzi 51 hivi. Kila kilicho juu ya hapo kimepotea. Chini, ukuta wa uzio unapanda hadi nyuzi 17. Anga lililobaki ni utepe kati ya 17 na 51: nyuzi 34 badala ya 90. DF imeshuka hadi 0.56, na bado hatujagusa kioo.

Upenu unaumiza kuliko watu wanavyodhani, na sababu yake ni hii: anga la mawingu haliko sawa kila mahali. Kwenye anga ambalo hesabu hizi zote zimejengwa juu yake, utosini pana mwangaza mara 3 ya upeoni. Upenu unakata sehemu yenye neema zaidi.

Kisha tuje kwenye kioo. Kile cha rangi ya kahawia au buluu, ambacho fundi wa alminiamu atakuambia ndicho kinachopendeza, naweka kinapitisha nusu. Wavu wa mbu, hasa ukishika vumbi, naweka 0.7. Nondo za mauamaua naweka 0.85. Zidisha vyote: 0.5 mara 0.7 mara 0.85 ni karibu 0.3. Rudi kwenye fomula: 0.3 mara 1.4 mara 34, gawanya kwa 67.8. Jibu ni 0.21.

Kutoka 1.5 hadi 0.21, yaani sehemu ya saba ya ulichoahidiwa. Siku ya mawingu ya laksi 10,000, hizo ni laksi 21 kwa wastani, na kona ya nyuma hata hizo haizipati. Kweli fomula hii haihesabu sawasawa mwanga unaogonga uzio na ardhi kisha kurudi ndani, kwa hiyo hali halisi itakuwa juu kidogo, zaidi kama uzio umepakwa chokaa. Lakini hiyo ndiyo sebule ya taa saa nane mchana. Nina hakika kiasi kwamba nyumba unayokaa sasa imejengwa hivyo hivyo.

Ile sehemu ya kumi ya fundi si uzushi. Kanuni za ujenzi za nchi nyingi zinacheza humo humo: Ujerumani, kanuni zao za mfano zinataka sehemu ya nane ya sakafu, kanuni za nyumba za makazi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinataka asilimia 8. Lakini hicho ni kima cha chini, ambacho chini yake hutakiwi kushuka. Hakuna aliyesema ukikifikia umepata mwanga wa kutosha nyuma ya upenu mrefu, wavu na uzio wa mita mbili na nusu. Kwa nyumba zetu zilivyo, mimi naanzia asilimia 20 ya tundu kwa sebule na jiko, na 15 kwa vyumba vya kulala, kisha nahesabu.

Kabla ya kuongeza upana wa dirisha, pandisha kichwa chake. Hili ndilo ningependa ulisimamie kuliko mengine yote. Weka meza nyuma kabisa ya sebule, mita 5 kutoka dirishani, juu yake pakiwa sentimita 85 kutoka sakafuni. Jicho likiwa usawa wa meza, ukingo wa juu wa dirisha la mita 2.1 uko nyuzi 14. Kilele cha uzio, ambacho sasa kiko mita 8 kutoka mezani, kiko nyuzi 11. Meza hiyo inaona utepe wa anga wa nyuzi 3 tu. Pandisha kichwa cha dirisha hadi mita 2.4, yaani sentimita 30 tu, na utepe unakuwa nyuzi 6. Umeuongeza mara mbili kwa gharama ya kozi moja na nusu ya tofali. Ukilishusha dirisha sentimita 30 kwa chini badala yake, meza ya nyuma haipati kitu: kioo kilicho chini ya usawa wa meza huangaza miguu ya makochi.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni nyingine ya mkono: mwanga wa dirisha la ukutani hufika ndani kwa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha kichwa cha dirisha. Kichwa cha mita 2.1 kinakupa mita 4.2 hadi 5.25, kwa hiyo sebule yako iko mpakani. Kichwa cha mita 2.4 kinakupa 4.8 hadi 6. Chumba kikiwa kirefu kuliko hapo, hata ukijaza ukuta wa mbele kioo kitupu, nyuma patabaki hafifu huku mbele pakikuchoma macho. Tofauti hiyo ndiyo humfanya mtu awashe taa hata kama laksi zinatosha.

Basi sebule yako iwe hivi. Dirisha la mbele la mita 1.8 kwa 1.5, likianzia sentimita 90 na kuishia mita 2.4. La pili, mita 1.2 kwa 1.5, liwe kwenye ukuta mwingine wa nje, karibu na nyuma ya chumba, ili mwanga uje kutoka pande mbili. Jumla ni mita za mraba 4.5, asilimia 22.5 ya sakafu. Kioo chenyewe ni karibu 3.5. Kioo kiwe cheupe. Wavu ufunike nusu inayofunguka tu, si dirisha zima, kwa hiyo kwa wastani unahesabiwa 0.85. Nondo ziwe za wima, nyepesi, zipakwe nyeupe. Bado naziwekea 0.85. T inakuwa 0.8 mara 0.85 mara 0.85, karibu 0.58. Upenu uwe sentimita 60 pande zenye madirisha haya. Nachukulia uzio uko mita 3 pande zote mbili. Katikati ya dirisha sasa ni mita 1.65, upenu unakata kwenye nyuzi 58, uzio unafika 14, anga limekuwa nyuzi 44.

Zidisha: 0.58 mara 3.5 mara 44, gawanya kwa 67.8. Unapata 1.3. Ukibadilisha vigae vyeusi kuwa vyeupe au rangi ya mchanga, R inapanda hadi 0.6 hivi, sehemu ya chini ya fomula inashuka hadi 57.9, na DF inafika 1.5. Sasa ndiyo ile ya kwenye ramani, safari hii ikiwa na uzio na wavu ndani yake.

Najua unachotaka kuuliza: na joto je? Ni swali zuri, na DF haina jibu lake. Kipimo hiki hakijui dirisha linatazama wapi. La magharibi na la kaskazini yana namba moja, ingawa moja litakupikia sebule kila jioni. Kinachopasha chumba zaidi ni jua la moja kwa moja, si mwanga wa anga. Kwa hiyo dirisha kubwa la mbele litazame kaskazini au kusini. Kibaha jua la adhuhuri huwa kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kuanzia Oktoba hivi hadi mwanzo wa Machi huhamia kusini, lakini pande zote mbili liko juu sana. Desemba, upenu wa sentimita 60 unafunika kwa kivuli dirisha zima la kusini wakati wa adhuhuri. Juni, jua likiwa kaskazini chini kuliko wakati mwingine wowote, unafunika zaidi ya nusu ya dirisha la kaskazini, na huo ndio msimu wa ubaridi. Kama sebule lazima itazame magharibi, niandikie tena, maana hapo upenu wowote haufui dafu mbele ya jua la saa kumi, na mpangilio wote unabadilika.

Korido, kama ipo katikati ya vyumba, usiihangaikie kwa madirisha. Bati moja angavu juu yake, na kipande cha dari kinachopitisha mwanga chini yake, litafanya kazi kuliko dirisha kubwa zaidi la ukutani, kwa kuwa linatazama utosini mwa anga. Lizibwe vizuri tu lisivuje.

Ukitaka kuhakikisha kwamba sikudanganyi, pima nyumba unayokaa sasa. Subiri siku ya mawingu yaliyofunga kabisa. Weka programu ya kupima mwanga kwenye simu, laza simu mezani kioo kikitazama juu, taa zote zimezimwa, soma. Toka mbio hadi mahali pa wazi, soma tena ndani ya dakika moja. Tumia simu ile ile moja, kwa sababu kila simu ina kosa lake, na ukigawanya namba mbili za simu moja sehemu kubwa ya kosa hujifuta. Usimame mbali na simu, mwili wako ni kizuizi kikubwa. Rudia mara tatu. Majibu yakipishana sana, mawingu hayajatulia. Jaribu siku nyingine. Ukipima siku ya jua utapata namba isiyo na maana yoyote, na hilo ndilo kosa ninaloletewa mara nyingi.

Kwa fundi, mwambie jambo moja kabla hajapandisha kozi ya kwanza: kichwa cha madirisha ya sebule ni mita 2.4 kutoka sakafu iliyomalizika, si kutoka zege la msingi, na mkanda wa zege ndio utakuwa lenta. Akishamwaga lenta kwenye mita 2.1 kama alivyozoea, kuipandisha ni kuvunja ukuta.